Kausha, Chambua, Hifadhi

Mwulize Mtanzania yeyote aliyepita shule ya msingi maadui wa taifa ni wangapi. Atakujibu watatu kabla hujamaliza swali: ujinga, maradhi na umaskini. Nchi ilipata uhuru mwaka 1961, na wengi wanaojibu hivyo leo hawakuwa wamezaliwa Mwalimu Nyerere alipowataja maadui hao. Mpangilio hubadilika, maana wengine huanza na umaskini, lakini ni nadra mtu kumsahau mmoja. Baadaye watu walimwongeza rushwa kuwa adui wa nne. Rushwa ni adui wa kweli kabisa, ila mpaka leo hutajwa kwa sauti ya nyongeza: watatu wale kwanza, pumzi kidogo, halafu "na rushwa".

Nilianza kulifikiria jambo hili kwa makini mwaka wangu wa pili wa shahada ya uzamili, nilipopewa dakika 20 katika mkutano wa kijiji kimoja mkoani Dodoma. Utafiti wangu ulihusu sumukuvu kwenye mahindi yanayohifadhiwa majumbani. Kaya za kijiji hicho zilikuwa zimenipa sampuli, kila moja kilo nzima ya mahindi yake, na walistahili kuambiwa nilichokiona. Mwenyekiti aliniweka kati ya ajenda ya michango ya kisima na ajenda ya mgogoro wa mipaka ya mashamba. "Mwanangu," aliniambia, "watu watakusikiliza, lakini mawazo yao yatakuwa kwenye mipaka."

Wasiojua sumukuvu wanisamehe kwa maelezo mafupi. Ni sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zenye unyevu. Haina ladha, na punje inaweza kuwa nayo bila kuonesha dalili yoyote machoni. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Pale kijijini, kwa hiyo, sikuwa napeleka somo la jumla. Walionisikiliza wangerudi nyumbani usiku huo kula ugali wa mahindi yale yale.

Daftari langu lilikuwa na mambo tisa ya kuwaambia. Vuna mapema mahindi yakishakomaa. Usianike juu ya udongo, tandika turubai. Pima ukavu kwa chumvi. Pukuchua bila kupiga kwa fimbo, kwa sababu punje iliyopasuka ni mlango wa ukungu. Ondoa punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizotobolewa na wadudu. Usiwape kuku wala ng'ombe zile ulizoziondoa, na usizipikie pombe. Tumia mifuko isiyopitisha hewa, ile ambayo kwetu huitwa kinga njaa. Weka mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta. Na la tisa, kupika hakuondoi sumu.

Yote tisa ni kweli. Kwenye ukuta wa ghala la kijiji kulikuwa na bango la mradi fulani uliopita, lenye maelekezo kumi na moja ya aina hiyo hiyo, kila moja na namba yake. Nilipowauliza watu waliokuwa wamekaa chini ya bango hilo linasema nini, waligeuka kulitazama. Hilo lilinitosha. Maelekezo ambayo lazima ugeuke uyatazame hayawezi kukusaidia ukiwa uani kwako na mahindi yako.

Watu wa saikolojia wamelipima jambo hili kwa muda mrefu. George Miller aliandika mwaka 1956 kuhusu namba saba, na kwa miaka mingi ikaaminika kwamba mtu anaweza kushika mambo kama saba kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia majaribio mengi na kuonesha kwamba, mtu asipopata nafasi ya kuyarudia moyoni anayoyasikia, uwezo wake ni kama mafungu matatu hadi matano. Msikilizaji wa hotuba yuko katika hali hiyo hasa. Anaposikia jambo la nne, huna subira ya kumngoja arudie la kwanza, unaendelea kuongea. Tatu ni namba inayoingia hata kwa msikilizaji aliyechoka, na hata kwa yule anayewaza mipaka ya shamba lake.

Neno muhimu hapo ni mafungu. Sikuhitaji kutupa mambo sita ili yabaki matatu. Nilihitaji kuyafunga tisa katika mafungu matatu, ili anayekumbuka jina la fungu aweze kulifungua akakuta vilivyomo.

Mgawanyo wa kwanza unaomjia mtu aliyekaa sana darasani ni kabla ya mavuno, wakati wa mavuno na baada ya mavuno. Ni nadhifu, na kwenye tasnifu ungepita bila swali. Lakini jaribu kuusikia kwa sikio la mtu aliyekaa kwenye mizizi ya mwembe. Akirudi nyumbani na maneno "kabla, wakati, baada", amebeba nini? Maneno hayo yangeweza kuwa ya hotuba ya harusi, ya mafuriko au ya uchaguzi. Yana umbo la tatu, lakini ndani hamna kitu. Hiki ndicho kipimo cha kwanza nilichojifunza kukitumia: kama majina ya mafungu yako yanaweza kuhamishwa yakakaa kwenye mada nyingine bila kubadilika, bado hujapata mafungu.

Nilipeleka karatasi yangu kwa msimamizi wangu, mama mmoja mwenye miaka mingi vijijini. Aliisoma, akauliza, "Wakimaliza kukusikiliza, mikono yao ifanye nini?" Nikaanza kuorodhesha vitendo: wakaushe, wapukuchue, wachambue, wahifadhi. Akahesabu kwa vidole, akasimama kwenye kidole cha nne. "Pukuchua inakaa peke yake hapo?"

Swali lile ndilo kazi yenyewe. Kupata matatu ni rahisi ukikubali kukata popote. Kujua kila jambo lililobaki liende wapi ndiko kugumu. Kupukuchua ni hatua halisi, ina siku yake na watu wake. Lakini kwa suala la sumu, kosa lake ni moja tu, nalo ni kupasua punje. Punje iliyopasuka ni punje ambayo baadaye utalazimika kuichambua. Kwa hiyo kupukuchua kukaingia ndani ya kuchambua: usitengeneze kwa fimbo punje mbovu utakazokuja kuzitoa kwa vidole. Hakukulazimishwa kuingia humo, maana sababu ya kulitaja ilikuwa humo tangu mwanzo.

Kuvuna mapema nilikuacha kabisa. Ni jambo kweli, na ni muhimu, lakini mkutano ulikuwa mwisho wa Juni, mahindi yalikuwa yameshafika nyumbani. Ningewaambia jambo wasiloweza kulitenda mpaka mwaka unaofuata, na lingekula nafasi ya lile wanaloweza kulitenda kesho. Nililiandika kwenye taarifa ya bwana shamba, ambaye angekuwapo msimu ukifika.

Likabaki lile la tisa, kwamba moto wa kupikia hauondoi sumu. Nililizungusha kwenye mafungu yote na halikukaa. Baadaye nikaona kwa nini. Mengine yote ni vitendo, hili ni sababu. Kama ningelifanya la nne, lingekuwa kama rushwa kati ya maadui, nyongeza inayotajwa kwa pumzi ya mwisho. Nikalitoa kwenye hesabu na kuliweka mlangoni, kabla ya yote matatu: sumu hii huioni, na sufuria haiimalizi, kwa hiyo kazi yote iko kabla ya mahindi kufika jikoni. Baada ya sentensi hiyo, vitendo vitatu vina sababu ya kuwapo.

Kuna hotuba moja maarufu inayoonesha vizuri kumbukumbu hufanya nini na jambo lisilofanana na wenzake. Mei 1940 Winston Churchill aliliambia bunge la Uingereza kwamba hana cha kutoa ila damu, taabu, machozi na jasho. Alitaja vitu vinne. Dunia imehifadhi vitatu: damu, jasho na machozi. Kilichodondoka ni taabu. Watu husema kilidondoka kwa sababu vinne ni vingi, na huenda ni kweli, lakini tazama pia kipi kilidondoka. Damu, machozi na jasho vyote ni maji yatokayo mwilini. Taabu haichuruziki. Kumbukumbu ilipoanza kupunguza mzigo, ilishika vitu vya ukoo mmoja na kuacha mgeni.

Kwa hiyo matatu yako lazima yawe ndugu, hata kwa sura. Yangu yakawa kausha, chambua, hifadhi. Yote ni vitenzi, yote ni amri, kila moja lina silabi tatu, na yanafuatana kama kazi yenyewe inavyofuatana. Huwezi kuhifadhi kabla hujakausha, hivyo mpangilio hauhitaji kukaririwa. Mahindi yenyewe yanakukumbusha.

Kiswahili kina picha ya zamani ya jambo hili. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu, na aliyewahi kupanga mafiga anajua mawili pia hayatoshi, wakati manne huleta shida nyingine: kwenye ardhi isiyo sawa, figa moja huwa halikigusi chungu, nacho hucheza. Matatu hukaa popote. Wanasiasa wetu wanajua nguvu ya picha hii, ndiyo maana wakiomba kura ya rais, mbunge na diwani kwa pamoja huziita mafiga matatu.

Lakini si kila kinne hucheza. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema maendeleo yanahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Wazazi wetu wanavitaja mpaka leo bila kukosea. Nimevisema kwa sauti mara nyingi nikitafuta siri yake, na nadhani ni hii: si vinne, ni jozi mbili. Watu na ardhi ni vitu vilivyopo tayari, vyenye neno moja moja. Siasa safi na uongozi bora ni namna ya kuvitumia, kila kimoja kina jina na sifa yake. Ukiwa na vinne kweli kweli na huwezi kupunguza, tafuta jozi zilizomo. Usipoziona, rudi kwenye mafungu.

Siku ya mkutano niligawa dakika zangu hivi: mbili kwa ile sababu ya mlangoni, tano kwa kila tendo, na tatu za mwisho kwa kurudia. Nilitaja matatu yote mwanzoni, kidole kimoja kimoja, kabla sijaeleza hata moja. Msikilizaji akijua kwamba yanakuja matatu, anaandaa mahali pa kuyaweka. Pia anajua amebakiza mangapi, na hilo humpa subira.

Ndani ya kila fungu nilijiruhusu kipimo kimoja tu au kitu kimoja cha kuonesha. Kwenye kausha kilikuwa chupa ya chumvi. Unachukua chupa ya kioo iliyo kavu, unaijaza punje mpaka theluthi yake, unaongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, unatikisa kwa dakika chache, kisha unaiacha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha mahindi juani. Isipoganda, yako chini ya hapo, lakini ongeza siku nyingine ya jua, kwa sababu ya kuhifadhiwa yanatakiwa yashuke mpaka 13 hivi. Chupa ilizungushwa mikononi. Kwenye hifadhi niliufunga mfuko wa kinga njaa mbele yao, mfuko wa kwanza wa nailoni, wa pili, kisha wa nje, na kuuweka juu ya vipande viwili vya mbao.

Fungu la katikati ndilo lililonipa kazi. Watafiti wa kumbukumbu wameonesha mara nyingi kwamba katika orodha, watu hukumbuka vizuri vya mwanzo na vya mwisho, na vya kati hufifia. Huu ni uzuri mwingine wa tatu, kwamba katikati kuna kimoja tu cha kuokoa. Lakini hicho kimoja lazima uende nacho kwa juhudi zaidi. Kwa kuchambua sikusimulia chochote. Nilipitisha sinia mbili za mahindi yaliyochanganyika, nikaomba kila aliyezipokea atoe punje moja ambayo asingempa mtoto. Kukawa na ubishi, vicheko, mzee mmoja akamrudishia jirani yake punje akisema hiyo ni nzima. Dakika tano zikawa nane. Nilizitoa kwenye kurudia, na sikujuta.

Kusikia watu wakiitikia maneno matatu mwishoni hakuthibitishi kitu, kwa sababu chochote kilichosemwa dakika moja iliyopita kinaitikiwa. Kipimo nilichokitaka ni kwa mtu ambaye hakuwapo. Kijijini habari hutembea kwa mdomo: aliyekwenda mkutanoni humsimulia aliyebaki na watoto, na mara nyingi aliyebaki ndiye mwenye funguo za ghala. Basi baada ya siku kumi nilipita kwenye nyumba ambazo aliyekuja mkutanoni hakuwa mpishi, nikamwuliza mpishi alisikia nini.

Kwenye nyumba ya tatu nilimkuta mama mmoja anapepeta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda. Alisema bila kusita: "Baba Neema alirudi akasema tukaushe, tuchambue, tuhifadhi." Nikamwuliza, wanachambuaje? Akanionesha, na vidole vyake vilikuwa vya haraka kuliko vyangu. Punje mbovu zilikuwa kwenye bakuli pembeni. Nikauliza za nini. "Hizo za kuku, mwanangu. Chakula hakitupwi."

Jina la fungu lilikuwa limesafiri salama mpaka kwake. Kilichokuwa ndani yake kilidondoka njiani. Nililisema mkutanoni, kwamba kuku hudhoofika na kwamba ng'ombe akila sumu hutokea kwenye maziwa, lakini lilikuwa ndani ya fungu, na ndani ya fungu huhifadhi tu kile ambacho jina lake linakivuta. Neno chambua linamvuta mtu mpaka kwenye kutenganisha. Halisemi mbovu ziende wapi. Na mahali lisiposema, maisha hujibu yenyewe: katika nyumba ambayo kila debe limehesabiwa mpaka msimu ujao, bakuli la punje ni chakula cha kuku watano.

Nilikaa na mama yule nusu saa. Hakuwa mbishi, alitaka kujua tu afanye nini na kile kilichokuwa bakulini. Tulichimba shimo nyuma ya choo, tukafukia. Kabla sijaondoka aliniambia jambo ambalo sikulisoma popote: "Ungesema chambua ufukie, angelileta lote."

Tangu hapo nasema hivyo: kausha, chambua ufukie, hifadhi. Usawa wa silabi umevurugika. La katikati limekuwa refu kuliko wenzake, linakwaza ulimi kidogo, na nadhani hilo linalisaidia, kwa kuwa ndilo lililokuwa hatarini kusahaulika. Bado ni matatu. Lakini sasa lile la pili linataja tendo lake mpaka mwisho, na mtu hawezi kulikumbuka nusu.

Kwenye sura ya tano ya tasnifu yangu mapendekezo ni tisa, pamoja na lile la kuvuna mapema, kila moja na ushahidi wake. Msomaji wa tasnifu ana karatasi mkononi na anaweza kurudi ukurasa. Kule kijijini bwana shamba ameyaandika matatu kwa chaki kwenye mlango wa ghala, upande wa ndani, yanakoonekana mtu akiwa ameshika mfuko. Amewaomba walimu wa shule ya msingi wayaseme na watoto mwezi wa sita kila mwaka, mahindi yakianza kuingia. Mimi nitarudi msimu ujao na sampuli mpya, na swali langu la kwanza kwenye kila nyumba litakuwa lile lile: mbovu mmezipeleka wapi?